Umemuona, au Umeambiwa?

Nilifiwa na mume mwaka 2017. Aliniachia watoto wawili, mvulana na msichana, nyumba ya vyumba sita Ngamiani hapa Tanga ambayo ni ya warithi wote, na friza moja niliyogandishia barafu na juisi za kuuza. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Mimi nilikaa miaka mitano na ushei, na miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa na neno nami. Maneno yalianza 2023, friza ilipokufa kompresa, na fundi aliyekuja kuitengeneza akawa anapita tena na tena kuuliza kama inagandisha vizuri.

Alikuwa mtu wa Lindi, amepanga Mabawa, ana kibanda chake cha kutengenezea majokofu. Hakunizungusha. Alisema anataka kuoa, kwa posa na washenga, na kwamba alishaoa zamani wakaachana. Nilimwomba anipe nafasi nifikiri. Katika nafasi hiyo ndipo nilipoyasikia ya kuyasikia.

Waliomsema walikuwa watatu, na wote ni watu nisioweza kuwapa kisogo. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea mama alipofariki. Wifi yangu ni shangazi wa wanangu. Na shoga yangu, niliyesoma naye tangu darasa la kwanza, ndiye aliyelala kwangu matanga yote mume wangu alipokufa. Jirani akikusemea mchumba wako unaweza kumwambia ashike lake. Hawa huwezi. Ukiwanyamazisha umewapoteza, na ukiwaamini kila walisemalo umempoteza yule bwana, na huenda hana kosa lolote.

Nianze na dada, maana yeye ndiye aliyetangulia. Alikuja jioni moja, akaketi, akakataa chai, nikajua kuna jambo. Akasema watu wa kusini hawaaminiki, wanaoa njiani na kuacha njiani, na kwamba nyumbani kwetu hapajapata kuolewa mtu ng'ambo ya Rufiji. Huyo ni mtu aliyenizidi miaka kumi na miwili, amenilipia ada, siwezi kumwambia anasema upuuzi. Nikamwitikia, "Nimekusikia, dada." Kisha nikamuuliza, "Yeye mwenyewe, tangu aanze kuja hapa, umemuona akifanya jambo gani lililokuchukiza?"

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Simu. Kila akipigiwa anatoka nje. Mtu anayetaka kuoa anaficha nini?"

Kumbe hilo lilikuwa kweli. Hata mimi nilikuwa nimeliona, nikalipita. Katika maneno yote aliyosema dada jioni ile, ya kabila na ya ukoo na ya mwendo wa watu wa kusini, hilo la simu peke yake ndilo aliloliona kwa macho yake. Nikamwambia, "Hilo la simu nalichukua, nitauliza. Hayo mengine ya kusini, dada, niachie." Hakufurahi, lakini hakuondoka na hasira, kwa sababu kuna neno lake lililopokelewa. Tangu siku ile nikapata mahali pa kushika. Mtu akimsema mtu wako, usianze kubishana na sifa alizompa, kwamba ni mlaghai, ni mhuni, ni mtu mbaya. Sifa hazina mwisho wala hazina ushahidi. Mwulize alichokiona. Hapo ama utapata kitu cha kwenda kuuliza, ama mwenyewe atagundua hana.

Wifi alikuja kwa njia nyingine. Yeye hakuniambia mimi. Alimwambia mwanangu wa kiume, aliyekuwa kidato cha pili, kwamba mama yake anataka kuwaletea baba wa kambo aje akae kwenye nyumba ya marehemu. Mtoto akaja kuniuliza kama tutahamishwa. Nilikasirika, siwezi kuficha. Kumtia mtoto maneno ya watu wazima ni jambo nisilolipenda mpaka leo. Lakini usiku nilipotulia niliona kwamba wifi hakumsema yule bwana hata kidogo. Hajui hata jina la baba yake. Alichokuwa anakisema ni nyumba.

Kwa hofu ya namna hiyo hakuna faida ya kumsifia mchumba. Ningeweza kueleza wema wake mpaka alfajiri na wifi asingesogea, kwa kuwa mtu mwema naye anaweza kukaa kwenye nyumba isiyo yake. Nilimwendea shemeji, mdogo wa marehemu, ambaye Mahakama ya Mwanzo ilimteua kuwa msimamizi wa mirathi. Tukakaa watu wanne: yeye, wifi, mama mkwe na mimi. Nikaomba asome tena mgawo wa sharia kama ulivyopangwa wakati ule. Mirathi yote iliwekwa sehemu 24. Mama mzazi wa marehemu anachukua sudusi, yaani sehemu 4. Mjane, kwa kuwa kuna watoto, anachukua thumni, yaani sehemu 3. Zinazobaki 17 ni za watoto, mvulana mara mbili ya msichana. Sehemu zangu 3 ni zangu niolewe nisiolewe, na hizo 17 siwezi kumpa mume mpya hata nikitaka.

Kisha nikasema jambo ambalo ndilo lililomtuliza wifi. Nikiolewa nitahamia Mabawa kwa mume, pamoja na wanangu, na vyumba vyote sita vitapangishwa. Kwa kodi ya Ngamiani ya shilingi 40,000 chumba, ni 240,000 kwa mwezi, na hesabu yake inakaa yenyewe: kila sehemu moja ni 10,000. Mama mkwe 40,000, mimi 30,000, watoto 170,000 za shule, zishikwe na shemeji. Mama mkwe, ambaye mpaka hapo alikuwa hajapata hata senti ya nyumba ile maana tulikuwa tunaikalia wenyewe, akauliza nitaolewa lini.

Wifi hakuwahi kuniambia kwamba alikosea, na sikumdai. Nilichomwambia mbele ya wote ni kimoja: akiwa na neno, aniite mimi, asimpe mtoto. Hilo alilikubali kwa kichwa.

Sasa shoga. Hili ndilo lililonikondesha.

Tulikuwa tumetoka kwenye mchezo, siku ya kupeana, mimi ndiye niliyepokea. Akanishika mkono tukiwa njiani akasema, "Shoga, nakwambia kwa kuwa nakupenda. Yule bwana ana mke. Hajamwacha. Yuko Lindi, na watoto wake wako kule, na yeye huwa anakwenda."

Miguu ilikufa ganzi. Kitu cha kwanza unachotaka kufanya ni kimoja kati ya viwili: kumtetea, au kukimbia kwenda kumwuliza huku unalia. Nilijizuia na vyote viwili, si kwa ushujaa, ni kwa kuwa nilikuwa nimeshajifunza kwa dada. Nikamuuliza, "Umemuona, au umeambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na shemeji yangu, yule dereva wa lori la korosho."

"Yeye kaona nini?"

"Kamuona kwa mkewe. Kavaa kanzu, anapokea wageni, kama mwenye nyumba."

"Lini?"

"Aa, wewe unanihoji kama askari?"

"Nataka nijue nikaulize nini. Lini?"

Akafikiri. Akasema ilikuwa Desemba, watoto walikuwa wanatolewa jandoni. Mwaka? Mwaka 2022, kwa sababu ndio mwaka shemeji alipobadilisha lori.

Swali la lini ndilo ambalo watu hawaulizi, na mimi naliweka juu ya mengine yote. Habari isiyo na tarehe haiwezi kukaguliwa. Inaelea tu, kila mtu anaivuta upande wake. Ikiwa na mwezi na mwaka, hata kama aliyeileta ana chuki, unaweza kuipeleka mahali na kuipima.

Kabla hatujaachana nilimwambia mambo mawili. La kwanza, asante, na kwamba nitaulizia. La pili, kwamba sitamtaja kwa yule bwana. Hili la pili nalisisitiza kwa yeyote. Ukimwambia mwanamume "fulani kasema hivi juu yako," mazungumzo yanahama hapo hapo. Badala ya kujibu kama ana mke, atajibu kwamba fulani ana wivu, kwamba fulani naye alimtaka, kwamba mashoga zako hawakutakii mema. Na hata akiwa na haki, umeshawatia uadui watu wawili watakaotakiwa kusalimiana kwenye harusi yako. Mwulize jambo, usimpe mtu.

Shoga yangu hakupenda jinsi nilivyompokea. Baadaye aliniambia alitarajia nitalia, au nitamgombeza, na kwamba utulivu wangu ulimuudhi kuliko matusi. Akaona sijamwamini. Kwa hiyo akamwambia mwenzetu mmoja wa mchezo, na yule akamwambia kijumbe, na baada ya wiki chache habari ilinirudia kwa muuza samaki ikiwa imenona: yule fundi ana wake watatu, mmoja Lindi, mmoja Mtwara, mmoja kamtelekeza Kilwa na ujauzito. Ninapoikumbuka nacheka, ingawa wakati ule sikucheka. Lakini tazameni ilivyokuwa. Wake waliongezeka, na hapo hapo dereva wa lori akatoweka, Desemba ikatoweka, jando likatoweka. Uvumi ukinenepa kwa madai huku ukipungukiwa na mashahidi, ujue sasa unasikiliza burudani ya watu. Mimi nilirudi kwenye ile habari ya kwanza, nyembamba, yenye mwezi na mwaka.

Nilimwita yule bwana kwangu, mchana, watoto wakiwa shule. Sikuanza na Lindi. Nilianza na lile la dada. Nikamuuliza simu anazotokea nje ni za nani. Akainama. Akasema ni za mtalaka wake. Nikamuuliza ni mtalaka kweli au ni mke, akasema ni mtalaka, na ana karatasi. Nikamwambia ailete.

Aliileta kesho yake. Ilikuwa karatasi ya daftari, imeandikwa kwa mkono, kwamba anampa mkewe talaka moja, tarehe ya Machi 2019, na chini yake majina ya mashahidi wawili na saini ya sheikh wa msikiti. Nikamuuliza kama aliwahi kumrejea. Akasema hapana. Hapo nikamuuliza alikuwa wapi Desemba 2022. Hakushtuka. Alikuwa Lindi, mwanawe wa kwanza alikuwa anatolewa jandoni, na baba asipokuwepo siku hiyo atafunika wapi uso wake? Alivaa kanzu, alipokea wageni, na alilala kwa kaka yake. Akanipa namba ya kaka yake papo hapo.

Tarehe ziliongea zenyewe. Talaka moja ni ya kurejea, lakini rejea ina mwisho wake, na mwisho huo ni eda: twahara tatu kwa mwanamke anayeingia mwezini, kwa madhehebu yetu ya Kishafii. Talaka ya Machi 2019, eda yake imekwisha kabla mwaka huo haujafika mbali. Mtu aliyeonekana kwenye jando Desemba 2022 hakuwa anamrejea mke. Hata angetaka kumrudia ingebidi aoe upya, kwa mahari na mashahidi. Dereva wa lori hakusema uongo. Aliona alichokiona, akakipa jina lisilo lake.

Ningeishia hapo ningekuwa na hadithi nzuri ya kumshinda shoga yangu. Lakini nilimpigia yule kaka mtu, naye baada ya kunithibitishia ya 2019 akaniuliza, kwa upole wa watu wazima, "Na mahakamani mmekwenda?"

Sikuwa nimelifikiria. Huku Bara Sheria ya Ndoa ya 1971 haiivunji ndoa kwa karatasi ya daftari, hata ikiwa na saini ya sheikh. Ndoa huvunjwa na mahakama. Kwanza wenye ndoa wapite kwenye baraza la usuluhishi, na sisi Waislamu tunayo mabaraza ya BAKWATA, wengine huenda baraza la kata. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa cheti, na cheti hicho kinapaswa kufika mahakamani kabla hakijatimiza miezi sita tangu kitolewe. Mahakama ya Mwanzo inatosha, si lazima kupanda juu. Ikishatoa talaka ndipo RITA inaisajili. Yule bwana hakuwa amefanya hata moja ya hayo. Machoni pa msikiti alikuwa hana mke, machoni pa serikali alikuwa naye. Kwa hiyo shoga yangu aliyesema "ana mke, hajamwacha" alikuwa amekosea kwa sababu alizozitoa, na alikuwa sahihi kwa sababu asiyoijua.

Mtu ataniuliza, kwa nini ujisumbue? Ndoa ya Kiislamu sheria inaichukulia kuwa inaweza kuwa ya wake zaidi ya mmoja, kwa hiyo hata angekuwa na mke Lindi, mimi ningeolewa tu. Ni kweli, kuolewa ningeolewa. Lakini mimi nimekaa kwenye kikao cha mirathi. Najua ile thumni ya mjane ni moja, na wajane wakiwa wawili wanaigawana. Najua pia kinachotokea pale mume amekufa na mwanamke wa pili anatokea na cheti cha ndoa ambacho hakuna hukumu ya talaka inayokifuta: watu wanaacha kulia wanaanza kutafuta mawakili. Kama nitakuwa mke wa pili nataka niambiwe mimi ni mke wa pili, niamue. Kama ni mke mmoja, basi karatasi zote ziseme hivyo.

Nilimwambia posa isije mpaka hukumu itoke. Hakupenda. Alisema watu wa mjini tunapenda makaratasi. Nikamwambia mwenye kupenda karatasi ni yeye, ndiye aliyenionyesha ya daftari.

Kuna la zaidi. Nilimwomba nizungumze na yule mtalaka, kwa idhini ya mwanamke mwenyewe. Si jambo kila mwanamke anapaswa kulifanya, na kuna watu wangu walioniambia nimepotoka. Kwa upande wangu niliona kwamba mtu mmoja aliyekuwa hajaulizwa katika maneno yote haya ndiye anayejua zaidi. Alikubali, tukazungumza. Mwanamke mstaarabu, anafanya kazi ya kubangua korosho. Aliniambia wameachana kweli, hamtaki na hana kinyongo. Kisha akasema, "Ila dada, simu ninazompigia ni za matumizi ya watoto. Ana miezi minne hajatuma."

Hilo hakuna aliyelisema. Si dada na watu wake wa kusini, si wifi na nyumba yake, si dereva wa lori, wala muuza samaki na wake zake watatu. Mtaa mzima ulimsema yule bwana kwa karibu mwaka, na kosa lake la kweli lilipita katikati yao bila kuonwa. Na lilikuwa kosa kubwa kwangu kuliko hayo mengine, kwa sababu mimi nina watoto wanaokwenda kuishi chini ya paa lake, na mwanamume anayesahau wake atawakumbukaje wa mwenzake?

Nilimuuliza. Alieleza kwamba kazi ilikuwa imekaa vibaya, kwamba alikuwa amenunua mtungi wa gesi na mashine ya kuvuta hewa kwa mkopo. Inaweza kuwa kweli, ufundi wa friji una gharama zake. Lakini katika miezi hiyo hiyo minne alikuwa ameniletea mimi doti mbili za khanga na simu ya mkononi. Nikamrudishia simu. Nikamwambia aiuze, fedha iende Lindi. Aliondoka kwa hasira, akakaa karibu mwezi bila kunitembelea, na katika mwezi huo dada yangu alipika biriani.

Siri ya mwezi ule ni kwamba sikumweleza mtu. Shoga yangu alikuja, akatarajia nimwage. Hapa pia pana jambo la kuangalia. Watu wakishamsema mtu wako, na wewe ukaja kugundua dosari yake mwenyewe, ulimi unawasha kuwaambia, ili wajue huwatetei bure. Usiwaambie kabla hujaamua. Wewe unaweza kumsamehe na kuendelea naye. Wao hawatakuwepo siku mnapopatana, watabaki na ile habari mbaya peke yake, na kila mwaka wataitoa. Nilimwambia shoga, "Ulilonipa nimelifuatilia. Mke hana kwa sharia, ila mahakamani hajamaliza, na nimemwambia amalize. Ulifanya vizuri kuniambia mimi. Kuwaambia watu wa mchezo hukufanya vizuri." Akasema alikuwa na uchungu. Nikamwambia najua. Tulikaa kimya mpaka adhana ya magharibi, akaondoka, na kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa anatuma mchango wake wa mchezo kwa mtoto, asikanyage kwangu.

Miezi ile ndiyo iliyoniumiza kuliko uvumi. Mwanamke mjane akipoteza shoga hapotezi mtu wa kupiga naye soga tu. Nilipougua malaria mwaka huo hakukuwa na wa kunisimamia friza. Nilifikiria kumpigia na kusema yaishe, nimkane yule bwana, tuendelee kama zamani. Sikumpigia. Ningemkana mtu kwa ajili ya kurudishiwa mwenzi wa maneno, na sikuona kama huo ni urafiki au ni ununuzi.

Yule bwana alirudi. Alikuja na simu yake, akanionyesha ujumbe wa fedha alizotuma Lindi, za miezi yote minne na wa tano. Nilimwambia sihitaji kuonyeshwa, nitaambiwa na anayepokea. Kesi alikwenda kuifungulia Lindi, ili mtalaka asisumbuke kusafiri, na hilo nililihesabu upande wake. Baraza liliwaita, likawasikiliza, likatoa cheti. Mahakama ilitoa talaka mwaka 2025, ikaweka na amri ya matumizi ya watoto. Posa ililetwa, shemeji yangu msimamizi wa mirathi akawa mmoja wa waliopokea, na wifi akapika.

Dada alihudhuria, akakaa na wanawake wazee, akasema hadharani kwamba ng'ambo ya Rufiji ni mbali. Nilimbusu mkono.

Shoga yangu hakuja kwenye nikahi. Alikuja wiki moja baadaye, peke yake, na sahani sita za kioo. Tuliongea habari za watoto na bei ya sukari. Mume wangu alipoingia alimsalimia kwa jina, akamkaribisha, hajui mpaka leo ni nani aliyeleta habari ya jando. Tumerudi kwenye mchezo, ingawa si kama tulivyokuwa. Kuna vitu nilikuwa namwambia ambavyo sasa simwambii, na nadhani na yeye vivyo hivyo.

Mtalaka wa Lindi namba yangu anayo. Fedha ikichelewa hampigii yeye, ananipigia mimi. Ramadhani iliyopita ilichelewa, akapiga wakati tunafuturu. Nilimpa mume simu akiwa na tende mdomoni, nikamwambia, "Zungumza hapa hapa, usitoke nje." Akazungumza, na kabla ya tarawehe fedha ilikuwa imekwenda.